Kabla ya kupasua modeli, angalia waya

Juzi jioni nikiwa kwenye matatu ya Rongai uliniingia ujumbe wa kijana mmoja wa Juja. “Kaka, nina GPU tatu za gigabaiti 24. Nataka kuendesha Llama ya bilioni 70 iliyobanwa hadi biti 4. Nikiigawa tensa kwa tatu inakataa kuwaka. Nikiigawa kwa mbili inawaka, lakini mazungumzo yakirefuka nafasi inaisha. Niuze moja ama niongeze ya nne?”

Nilimwambia asiuze kitu mpaka nimwandikie vizuri. Ujumbe wake ulinirudisha kwenye jambo lililonitokea mwaka jana, ambalo bado sijalisahau.

Tulikuwa na mteja hapa Nairobi aliyetaka modeli ya kusoma mikataba, na nyaraka zake zisitoke ofisini kwake kabisa. Nikapewa kazi ya kupanga mitambo. Nilipata seva mbili, kila moja ina kadi mbili za RTX A6000 za gigabaiti 48, na swichi ya gigabiti 10 katikati. Hesabu ya kumbukumbu niliifanya mwenyewe na ilikuwa sahihi. Vigezo bilioni 70, kila kimoja baiti mbili, ni gigabaiti 140 hivi. Ukigawa kwa kadi nne, kila moja inabeba 35, na inabaki nafasi ya kutosha kwa mazungumzo ya watumiaji. Nikaweka mgawanyo wa tensa kwa nne, modeli ikawaka, ikajibu “Habari”. Nilienda kulala nikiwa na furaha kubwa.

Siku ya kumwonyesha mteja, tukaingiza mkataba halisi wa tokeni elfu mbili hivi. Tukasubiri. Zilipita kama sekunde nane kabla neno la kwanza halijatokea. Akaingiza mwingine, sekunde nane tena. Kwenye korido nikamsikia mkubwa wangu akimwambia mwenzake kwamba labda kazi hii ilihitaji mtu aliyebobea zaidi. Hakujua niko nyuma ya mlango. Maneno hayo nimetembea nayo miezi mingi.

Kosa langu halikuwa kwenye msimbo. Lilikuwa kwenye mahali nilipopitisha kisu.

Kuna njia mbili za kugawa modeli isiyotosha kadi moja. Ya kwanza, ya tensa, ni kama vijana wanne wanaopandisha kabati ghorofa ya tano. Wote wameshika kabati lile lile, na kila ngazi lazima wapige hatua pamoja. Ya pili, ya mkondo, ni kama mafundi wanaopokezana matofali. Kila mmoja ana sehemu yake, akimaliza anampa wa mbele na hana habari naye tena.

Nianze na kabati, kwa sababu ndilo lililonielemea. Modeli hii ina matabaka 80, na kila tokeni inasafiri ndani yake kama vekta ya namba 8192. Katika kila tabaka kuna sehemu ya atensheni, halafu kuna sehemu inayoitanua vekta hadi namba 28672 na kuirudisha tena 8192. Matriksi za kutanua unazipasua wima, ili kila kadi kati ya nne ipate safu wima 7168. Kadi inatoa namba zake 7168 zikiwa kamili, kwa hiyo inaweza kuzipitisha kwenye fomula isiyo ya mstari bila kumuuliza jirani. Matriksi ya kurudisha nayo unaipasua mlalo, na kila kadi inapata zile safu mlalo 7168 zinazokutana na namba ilizo nazo tayari. Mwisho wa yote kila kadi ina vekta ndefu kamili ya 8192, ila ni kipande tu cha jumla. Ili kupata jibu la kweli lazima vipande vinne vijumlishwe, na jumla irudi kwa kila kadi. Kitendo hicho kwenye msimbo ndicho `all_reduce`.

Mpangilio huu, wima kwanza na mlalo baadaye, ndio uliotumika kwenye Megatron-LM ya NVIDIA mwaka 2019, na una sababu. Ukianza na mlalo, kila kadi inashika kipande cha jumla kabla ya ile fomula isiyo ya mstari, na fomula hiyo haikubali kupitishwa kipande kwa kipande halafu ujumlishe. Ungelazimika kukutanisha kadi katikati pia. Kwenye atensheni mambo ni mepesi zaidi. Modeli ina vichwa 64, kila kadi inachukua 16, inavimaliza peke yake, kisha wanajumlisha mara moja mwishoni.

Kwa hiyo kila tabaka lina mikutano miwili. Matabaka 80, mikutano 160. Hii ndiyo hesabu ambayo sikuifanya.

Mkataba wa tokeni 2000 una namba 2000 mara 8192, kila moja baiti mbili, yaani megabaiti 33 hivi kwa kila mkutano. Kadi nne zikijumlisha kwa kuzungusha duara, kila kadi inatuma mara moja na nusu ya kiasi hicho, kama megabaiti 49. Zidisha kwa 160 upate karibu gigabaiti 8. Swichi ya gigabiti 10, hata siku yake nzuri, inapitisha gigabaiti 1.25 kwa sekunde. Zaidi ya sekunde sita ziliishia kwenye kebo kati ya seva zangu mbili! Vijana wangu wanne walikuwa wamebeba kabati moja huku wawili wako Kasarani na wawili wako Karen.

Kilichonipotosha siku zile ni `nvidia-smi`. Ilionyesha kadi zote nne ziko kwenye asilimia 100, nami nikaamini zinafanya kazi. Kadi inayosubiri wenzake kwenye `all_reduce` inazunguka pale pale ikiuliza “bado?”, na hilo linahesabiwa kuwa kazi. Angalia wati badala yake. Kadi zangu zinaweza kula wati 300, lakini wakati wa kusoma mkataba zilikuwa zinacheza kwenye 110. Kadi inayosema asilimia 100 huku inakula theluthi ya umeme wake inasubiri. Ukitaka uhakika, washa `NCCL_DEBUG=INFO` kabla ya kuanzisha. Ukiona `NET/Socket` kwenye njia ambayo tensa zinapita, umeshapata mgonjwa wako.

Dawa ilikuwa amri moja ya vLLM, seva mbili zikiwa tayari zimeunganishwa na Ray:

```
vllm serve meta-llama/Llama-3.1-70B-Instruct \
  --tensor-parallel-size 2 --pipeline-parallel-size 2 \
  --distributed-executor-backend ray --max-model-len 16384
```

Tensa kwa mbili ndani ya kila seva, mkondo kwa mbili kati ya seva. Seva ya kwanza inashika matabaka 40 ya mwanzo, ya pili inashika 40 ya mwisho. Kinachovuka kebo sasa ni megabaiti 33 zile zile, lakini mara moja tu, yaani kama milisekunde 26. Ile mikutano mingi imebaki ndani ya kila seva, kwenye njia ya PCIe inayopitisha makumi ya gigabaiti kwa sekunde. Mkataba ule ule ukaanza kujibiwa baada ya sekunde mbili na kitu. Nilipoona namba hiyo saa tano usiku, nilisimama nikatembea ofisini peke yangu. Mkubwa wangu hakuwahi kurudi kuniambia lolote, na mimi sikumuuliza.

Sitaki mtu adhani mkondo ni dawa ya kila kitu, kwa hiyo niseme na ubaya wake. Fundi wa pili hana tofali mpaka wa kwanza amalize. Mtumiaji akiwa mmoja, nusu ya kadi zako zimekaa bure muda wote. Wakati wa kuandika jibu, kila tokeni inalazimisha kadi isome vigezo vyake vyote, gigabaiti 35 kwenye kumbukumbu ya gigabaiti 768 kwa sekunde, milisekunde 46 hivi. Tensa kwa nne zinasoma zote kwa pamoja. Mkondo wa vituo viwili unasoma kituo kimoja halafu kingine, kwa hiyo ni 92. Mtumiaji mmoja hapati zaidi ya tokeni 10 au 11 kwa sekunde. Faida inakuja watumiaji wakiwa wengi, ndipo kundi moja liko kituo cha kwanza na lingine cha pili. Kwenye mafunzo hesabu yake inajulikana: vituo p na vikundi vidogo m, sehemu inayopotea ni (p−1)/(m+p−1). Vituo viwili na kikundi kimoja, unapoteza nusu. Vikundi vinane, unapoteza moja ya tisa.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepanga mitambo, usianze na modeli. Anza na `nvidia-smi topo -m`, usome kadi zipi zimeungana kwa NVLink, zipi kwa PCIe, zipi zinapitia katikati ya prosesa mbili. Tensa zibaki mahali waya ni mnene. Waya ukiwa mwembamba, weka mkondo. Narudia kwa sababu nimeona watu wakinunua kadi ya nne na ya tano wakidhani ndiyo dawa: angalia waya kwanza.

Sasa nirudi kwa kijana wa Juja. Kadi zako tatu zilikataa kwa sababu vichwa 64 havigawanyiki kwa 3. Matabaka lakini hayana masharti hayo, yanaweza kugawanywa visivyo sawa. Tumia mkondo wa vituo vitatu, tensa moja. Utashawishika kuandika 27, 27, 26, lakini usifanye hivyo. Kituo cha kwanza kinabeba pia jedwali la maneno, na cha mwisho kinabeba matriksi ya kutoa neno. Kila moja ni maneno 128256 mara 8192, na kwa kawaida haibanwi, hivyo ni gigabaiti 2.1. Tabaka lako lililobanwa ni kama gigabaiti 0.43 tu. Jedwali moja lina uzito wa karibu matabaka matano! Usihamishe matabaka matano yote kwenda katikati, kwa sababu kila tabaka linakuja na kumbukumbu yake ya mazungumzo, na kituo cha katikati kitajaa kwanza. Hamisha moja au mawili:

```
export VLLM_PP_LAYER_PARTITION="26,28,26"
```

Halafu anzisha kwa `--pipeline-parallel-size 3`. Meta walipofunza Llama 3 ya bilioni 405 walitumia ujanja wa jamii hiyo hiyo: tensa kwa 8 ndani ya seva, mkondo wa vituo 16, na wakapunguza tabaka moja kituo cha kwanza na moja cha mwisho. Ndiyo maana modeli ile ina matabaka 126, si 128.

Amenijibu leo asubuhi. Imewaka, mazungumzo marefu yanaingia, na kadi zote tatu anabaki nazo.