Kilichoiua Roma ya Magharibi: kodi, mishahara ya askari na Karthago

Swali: Mwalimu, kila ninaposoma kuhusu kuanguka kwa dola kubwa za kale nakuta sababu tofauti: maadili kuporomoka, mabomba ya risasi, tauni, Ukristo, washenzi. Tukichukua Roma, wanahistoria wanaipa uzito zaidi sababu ipi, na wanajuaje?

Jibu: Orodha yako bado fupi. Mwaka 1984 mwanahistoria Mjerumani, Alexander Demandt, alikusanya sababu zote alizokuta zimewahi kutajwa, zikafika 210. Ili kuzichuja, anza na jambo ambalo wengi hulisahau: dola iliyoanguka mwaka 476 ilikuwa nusu tu. Tangu 395 kulikuwa na makaizari wawili, mmoja Italia na mwenzake Konstantinopoli, na upande wa Mashariki uliendelea kuishi hadi 1453. Basi sababu iliyozigusa pande zote mbili sawasawa haiwezi, peke yake, kueleza kwa nini mmoja alikufa na pacha wake akapona.

Hoja hii ilisimamiwa sana na Mwingereza A.H.M. Jones miaka ya 1960, na inafagia mengi. Ukristo ulikuwa umeota mizizi zaidi Mashariki, kuliko Magharibi. Rushwa na kodi kali zilikuwepo kote. Kuhusu risasi, watafiti waliopima mashapo ya bandari ya Roma mwaka 2014 walikadiria kwamba maji ya bomba yalikuwa na madini hayo hadi mara mia kuliko chemchemi za jirani, lakini wao wenyewe hawakuona kwamba kiwango hicho kilitosha kuwadhuru watu sana. Tauni kubwa ya mwaka 165 iliitangulia 476 kwa zaidi ya miaka 300. Ile ya 541 iliikuta Magharibi imeshazikwa, ikaipiga Mashariki. Mwanahistoria Mmarekani Kyle Harper anayapa maradhi na tabianchi uzito mkubwa, na mimi sikatai kwamba yalidhoofisha mwili. Ila hayakuchagua upande.

Kinachobaki kwenye chekeche ni uhusiano wa kodi na jeshi. Kodi kubwa ya dola ilitoka mashambani, na matumizi yake makubwa yalikuwa askari. Adui akiliteketeza au kulikalia jimbo, mapato yake yanakatika. Mapato yakikatika, askari wanapungua. Askari wakipungua, jimbo linalofuata halina mlinzi. Mzunguko huo ukishaanza ni vigumu kuusimamisha, kwa kuwa jeshi unalolihitaji kurudisha shamba linalipwa na shamba hilohilo.

Ulianza namna hii. Wahunni (si wahuni wa mtaani) walipotokea nyikani mashariki, waliwasukuma Wagothi, nao wakavuka mto Danube mwaka 376. Miaka miwili baadaye walimuua Kaizari Valens vitani Adrianopoli. Mwisho wa 406 Wavandali, Waalani na Wasuevi walivuka Rhine, wakapita Galia, Ufaransa ya leo, na mwaka 409 wakaingia Hispania. Italia yenyewe ilipitiwa na Wagothi waliouteka mji wa Roma mwaka 410, ikaharibika kiasi kwamba mwaka 413 serikali ilizisamehe wilaya kadhaa za huko sehemu nne kati ya tano za kodi kwa miaka mitano.

Hata hivyo Magharibi ilikuwa bado na akiba moja nono: Afrika ya Kaskazini, yaani Tunisia ya leo na mashariki ya Aljeria. Nafaka na mafuta ya zeituni vilitoka huko, na bahari ilikuwa imeikinga. Mwaka 429 mfalme wa Wavandali, Geiseriki, aliwavusha watu wake kutoka Hispania. Waliuzingira mji wa Hippo wakati askofu wake, Mtakatifu Augustino, akiwa kitandani. Alifariki Agosti 430. Tarehe 19 Oktoba 439 wakaiteka Karthago, mji mkuu wa Afrika hiyo.

Hasara hiyo inahesabika, kwa sababu sheria zimebaki. Kwa mapatano ya 442 Kaizari Valentiniano III alibakiziwa kipande cha Numidia, jimbo jirani lililokuwa limeporwa. Mwaka 445 aliamuru kipande hicho kilipe sehemu moja tu ya nane ya kodi ya zamani: solidi 4,200 na posho 1,200 za chakula cha askari, mbali na malisho ya farasi. Solidi ni sarafu ya dhahabu ya gramu 4 na nusu hivi. Zidisha kwa nane: zamani ilikuwa solidi 33,600 na posho 9,600. Kwa hiyo kila mwaka zilipotea posho 8,400, nazo ni chakula cha askari wengi kama hao, achilia mbali dhahabu. Na hilo ni jimbo lililorudishwa! Karthago na mashamba bora hayakurudi kabisa.

Karibu na wakati huo Kaizari huyo alitoza kodi mpya ya mauzo, sehemu moja ya 24 ya bei, nusu kwa muuzaji na nusu kwa mnunuzi. Sheria yenyewe inakiri kwamba mapato hayatoshi kuwalisha na kuwavika askari waliopo, sembuse wapya. Ni nadra serikali kukiri hivyo kwa maandishi.

Jitihada ya mwisho ilikuwa 468, Mashariki ilipotuma merikebu zaidi ya elfu moja kuikomboa Karthago, kwa gharama isiyopungua ratili 64,000 za dhahabu, takribani tani 20. Wavandali walingoja upepo ugeuke, wakasukumia merikebu zenye moto katikati ya kundi lililotia nanga karibu na Rasi Bon, pwani ya Tunisia. Baada ya hapo Magharibi haikuwa na mfuko wa kuchukulia hata kidogo.

Wanapogawanyika wanahistoria ni kwenye swali la nani aliyefungua mlango. Peter Heather na Bryan Ward-Perkins wanayapa uzito mashambulizi ya nje. Walter Goffart anasisitiza kwamba wageni wengi walipewa makazi kwa makubaliano, na Guy Halsall anaona ugomvi wa Warumi wenyewe ndio uliotangulia. Mimi naona wa kwanza wanaeleza vizuri zaidi jinsi pigo lilivyoua, na Halsall anaeleza kwa nini halikukingwa. Mwaka 427 serikali ya Magharibi, iliyokaa Ravenna huko Italia, ilituma jeshi Afrika kupigana na Bonifasi, mkuu wake yenyewe huko. Miaka miwili tu kabla ya Geiseriki kuvuka. Kati ya 455 na 476 walipita makaizari tisa. Mashariki nako walipinduana, lakini Misri na Shamu zilikuwa ng'ambo ya bahari, nyuma ya kuta za Konstantinopoli, zikiendelea kulipa.

Mwisho wenyewe ulivyoonekana mpakani umesimuliwa na mtawa Eugipio katika habari za Mtakatifu Severino alizoandika mwaka 511. Vikosi vya kando ya Danube, anasema, vilisambaratika pale mishahara ilipokoma. Kilichobaki Batavis, Passau ya leo Ujerumani, kilituma watu wachache Italia wakawaletee wenzao malipo ya mwisho. Hawakurudi. Waliuawa njiani na hakuna aliyejua, mpaka siku mto ulipozileta maiti zao.