Maneno ya msemaji wa familia makaburini

"Kesho tunamzika baba mkubwa hapa Ujiji, nami ndiye msemaji wa familia. Niseme nini bila sauti kukatika?"

Pole sana, ndugu yangu. Subiri dua iishe, useme kabla watu hawajatawanyika. Shukuru kwa ujumla: majirani, waliochimba kaburi, waliotoka mbali. Ukianza kutaja majina utamsahau mmoja, naye ataumia. Kisha: "Aliyekuwa akimdai marehemu, au akidaiwa naye, aonane na baba mdogo huyu hapa." Baba mdogo asimame aonekane, la sivyo wadai watamwendea mjane akiwa edani. Malizia na hitma: siku, saa, nyumba gani; rudia mara mbili. Sauti ikikwama, nyamaza, vuta pumzi, uendelee. Watakungoja.