Kapsheni ya kura ya kwanza: vile nilifuta nne kabla ya kuposti moja

Mwaka 2027 kura ni tarehe 10 Agosti, na binamu yangu ashanitumia meseji ati nimsaidie kapsheni mapema, kura yenyewe bado hajajiandikisha lakini picha ashaipangia. Sikumcheka, maana mimi 2022 nilikuwa vivyo hivyo. Kura yangu ya kwanza ile, nilitaka dunia nzima ijue nimepiga lakini sikutaka mtu hata mmoja ajue nimempigia nani, na hayo mambo mawili kuyatia kwenye mstari mmoja ni kazi bana.

Ujue kwetu watu wamegawanyika mpaka ndani ya nyumba. Mamangu upande huu, mjomba upande ule, bosi wangu sijui yuko wapi ila ako kwenye wasap yangu na stetasi anaziona zote. Kura ni ya siri, katiba yenyewe imesema, lakini siri unaweza kuitoboa mwenyewe kwa kidole chako na simu yako bila mtu kukulazimisha.

Sasa siku yenyewe, 9 Agosti 2022, Jumanne. Kituo changu kilikuwa shule ya msingi huku Kisauni, milango inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi lakini mimi saa kumi na moja alfajiri nshapanga laini, na laini zenyewe zilikuwa za herufi za majina, nikasimama nusu saa kwenye ile isiyo yangu kabla mama mmoja aniambie wewe mwanangu jina lako halipo hapa, nenda kule. Nikaingia, nikaweka kidole kwenye mashine ya KIEMS, picha yangu ikatokea, nikapewa karatasi. Tano. Wakenya wengine walipewa sita ila sisi Mombasa tano, kwa sababu usiku wa kuamkia kura tu ndo tulisikia ya gavana imeahirishwa, sisi na Kakamega, karatasi zimechapwa na picha za wagombea zenye makosa. Hii tano iwekeni akilini, itarudi.

Picha kwanza, maana kapsheni inasomwa pamoja na picha. Karatasi uliyotia alama usiipige kabisa, kwetu karani alishasema pale mlangoni simu hazitolewi kwenye kibanda, na hata asingesema, ile ndo siri yenyewe. Mimi nilipiga nje, chini ya mwarobaini, kidole chenye wino juu. Nikatazama picha nikajiona nimependeza, halafu ndo nikaona buibui limefunguka mbele na ndani nimevaa dera la manjano. Manjano! Mwaka ule manjano na kijani ni UDA, rangi ya chungwa ni ODM, buluu ni Azimio, yaani ukitaka rangi isiyo na mwenyewe ubaki na buibui lako jeusi tu. Nikafunga buibui nikapiga tena, na safari hii nikainua vidole viwili kwa mbwembwe, nikaituma kwenye grupu ya familia kuuliza kama iko sawa. Baba mdogo akajibu, "Mwanangu, FORD umejiunga lini?" Sisi vijana vidole viwili ni pozi tu, lakini kwa watu wa umri wake ile ni saluti ya vyama vingi miaka ya tisini, kidole kimoja kilikuwa cha KANU. Sasa na wino uko kwenye kidole kimoja, ufanyeje? Nikapiga mkono tu, kiganja kimelala juu ya paja, mikono ya buibui inaonekana, uso haupo. Hiyo ndo niliposti.

Tukija kwa maneno. Ya kwanza niliandika "Mabadiliko yanaanza na mimi." Nikaisoma kama mjomba. Mabadiliko gani, ya kumtoa nani? Nikafuta. Ya pili, "Tumefanya kitu, inawezekana!" na hapo nilikuwa sijafikiria chochote, ni neno tu la kawaida, kumbe ndo kilio cha Azimio kampeni nzima. Hili ndo gumu kabisa, kampeni zinachukua maneno ya watu wote zinayafanya yao, ukisema "hasla" uko huku, ukisema "inawezekana" uko kule, na wewe ulikuwa unaongea Kiswahili chako tu. Ya tatu, "Kura kwa amani, Mungu abariki atakayeshinda." Hii haikuwa na chama lakini ilinuka woga, na mimi sikuwa naogopa, nilikuwa najisikia raha, kwa nini niandike kama naomba msamaha.

Ya nne ndo niliipenda. "Tano zote nimetia ndani!" Si karatasi zilikuwa tano? Nikamwonyesha rafiki yangu kwenye matatu, akacheka mpaka kondakta akageuka. Mwaka ule aliyekuwa anatafutwa ni rais wa tano. "Wa tano" lilikuwa kwenye fulana na nyimbo, kila upande unasema wa tano ni wao. Kwa hivyo mtu wa Azimio angenipa hongera, mtu wa UDA naye angenipa hongera, halafu wakutane kwenye komenti wapigane juu ya kidole changu.

Unajua leso? Mtu anainunua kwa sababu maua yamempendeza, akiivaa jirani anasoma jina lake anasema nimesemwa mimi. Kapsheni ni leso. Usiisome kama wewe uliyeandika, isome kama yule jirani, halafu isome tena kama jirani wa upande wa pili, na kama mmoja wao anaweza kusema "ni wetu huyu" basi bado ina jina. Njia rahisi niliyoiona ni kuwatumia watu wawili unaojua hawapatani kisiasa, kila mmoja kando, uwaulize unadhani nimempigia nani. Wakijibu sijui wote, posti.

Na kitu ambacho kilinifungua macho ni kwamba maneno yenye upande karibu yote yanaongea kuhusu kesho, nani atakuja, nini kitabadilika. Yangu nikayarudisha kwenye asubuhi ile tu, vitu vilivyonitokea mimi na mwili wangu. Nikaandika hivi:

"9 Agosti 2022, Kisauni. Kura yangu ya kwanza. Laini saa kumi na moja alfajiri, nimetoka saa tatu kasoro, miguu inauma, wino hautoki na siutaki utoke."

Hapo fahari ipo, si ndio? Ile "siutaki utoke" ndo imebeba. Nikatafuta emoji ya wino sikuipata, nikaacha, mioyo ya rangi sikugusa.

Halafu msisahau matokeo. Yalitangazwa tarehe 15, siku sita baadaye, na posti yako bado iko pale. Dada mmoja ninayemjua aliandika siku ya kura "leo nina furaha moyoni", haina chama hata kidogo, lakini tarehe 15 watu wakairudia kuikomentia, wengine kumcheka, wengine kumpongeza, na yeye hakuwahi kusema kitu. Yangu ilisomeka vilevile hata mwezi uliofuata. Mjomba aliilaiki, mama aliilaiki, bosi akaandika "pole kwa miguu".

Tarehe 29 tukarudi sasa kwa gavana, laini fupi, dakika ishirini nimetoka. Nikaposti mkono uleule. "Karatasi ya sita." Baba mdogo akauliza, "Na hii sita nayo ni ya nani?"