Kabla hujamwandikia Madam kwa Kifaransa

Wiki ya kukabidhi kazi ikifika, simu yangu haipumui. "Kaka, nipitie hii baruapepe ya kuomba muda zaidi kabla sijamtumia Madam." Naipitia, na naapa ni ileile ya wenzenu wa mwaka jana, imebadilishwa jina tu. Wadogo zangu wa Kifaransa hapa Kisumu, nawapenda, lakini nimechoka. Someni hii kwanza, kisha mnipigie.

1. Kichwa. Ile "RE:" tuliyofundishwa kwenye barua rasmi iacheni. Kwenye baruapepe itamfanya adhani unamjibu. Andika *Demande de délai supplémentaire – devoir de grammaire*, basi.

2. Salamu. *Bonjour Madame,* inatosha, bila jina la ukoo. Ile *J'espère que ce courriel vous trouve en bonne santé* ni Kiingereza kilichovaa kofia ya Paris. Futa.

3. Ombi lenyewe. Hapa ndipo mnapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo. Kuna binti wa mwaka wa pili, kwao Ahero, aliugua mwanzoni mwa wiki. Sababu halali kabisa, na hata cheti cha daktari alikuwa nacho. Akaandika hivi, akatuma, ndipo akanionyesha:

> Bonjour Madame, je suis très très désolé pour le délai. Je veux une extension. Je voudrai envoyer le devoir la semaine prochaine. S'il te plaît.

Madam akajibu kwa mstari mmoja: *De quel délai parlez-vous ?* Binti akalia, akidhani amefukuzwa. Wala! Madam alikuwa anauliza kwa dhati, kwa sababu *délai* ni muda uliopewa kufanya kazi. Kuchelewa ni *retard*. Kwa hiyo binti alimwomba mwalimu radhi kwa muda ambao mwalimu mwenyewe ndiye aliyempa. Na *extension*, kwa Mfaransa asiyetujua, inaweza kumkumbusha nywele za kuongezea saluni.

Halafu vitenzi. *Je veux* ni "nataka", kama mtoto dukani. Alipojaribu kulainisha akaandika *je voudrai*, bila *s*, na hiyo ni "nitataka". Alichokuwa anatafuta ni *je voudrais*, "ningependa". Wengi wanayatamka mawili haya sawasawa, ndiyo maana sikio halikuokoi. Ni jicho tu. Mnajua kabisa kutumia -nge- kwa Kiswahili mkimwomba mzee kitu, sijui kwa nini mkifika kwenye Kifaransa adabu mnaitafuta kwa kurudia *très*. Mwishoni *s'il te plaît*, baada ya kumwita Madame! Ni *vous* kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na wewe ni msichana, dada: *désolée*.

Lakini kosa lililomgharimu si sarufi. "Wiki ijayo" ni lini? Jumatatu? Ijumaa saa sita usiku? Mwalimu hawezi kukubali ombi lisilo na tarehe, inabidi akuulize tena, na wakati mnaulizana siku ya mwisho inapita. Tuliketi tukaliandika upya:

> Bonjour Madame,
>
> Je suis inscrite en deuxième année, groupe B. J'ai été malade en début de semaine et je n'ai pas pu terminer le devoir de grammaire à rendre ce vendredi. Les deux premières parties sont prêtes. Me serait-il possible de vous remettre l'ensemble mardi 18 mars, avant 17 h ? Vous trouverez ci-joint mon certificat médical.
>
> Je vous remercie par avance de votre réponse.
>
> Bien cordialement,

Chini yake jina kamili na namba ya usajili. Tazameni: ugonjwa umepata nusu sentensi, hakuna habari ya kutapika wala ya shangazi aliyempeleka hospitali. Adabu yote imebebwa na *serait*. Na ile sentensi ya sehemu mbili zilizo tayari ndiyo inayomwonyesha Madam kwamba hukulala. Kama haziko tayari, usiiandike, maana anaweza kukwambia utume ulizo nazo leo.

4. Kufunga. *Veuillez agréer, Madame...* ni ya barua ya karatasi. Kwa baruapepe ya darasa ni kuvaa suti kwenda kununua omena. *Bien cordialement* inatosha, au *Respectueusement* kama ni mzee. Mmoja wenu alifunga kwa *Bisous*. Wewe unajijua.

5. Alama. Kwenye simu, bonyeza herufi bila kuachia, *é* na *à* zitatokea. Tarehe haiandikwi *18ème*, na *mars* ni herufi ndogo.

6. Tuma kabla ya siku ya mwisho, mchana. Akikujibu *Entendu pour mardi*, bila salamu wala tabasamu, hajakasirika. Amekubali. Mjibu *Je vous remercie, Madame*, ufunge simu ukaandike sehemu ya tatu, na usinitumie picha ya jibu hilo kuniuliza kama amenuna.