Cheo kipya, na ile hofu kwamba watakugundua

Ukipandishwa cheo na moyoni ukajiona tapeli, usikimbilie kujiambia "naweza, naweza." Hiyo ni hisia sawa na "siwezi," na saa nane za usiku, hiyo ya "siwezi" ndiyo hushinda.

Mimi nilifanywa msimamizi wa kitengo cha nyaraka katika kampuni ya kliaring, inayowatolea wateja mizigo bandarini, hapa Mombasa. Kilichonifaa ni kuandika kila wazo lililonitesa, kisha kujiuliza: hili mtu mwingine anaweza kwenda kulihakikisha?

"Nimebahatika tu." Hili linahakikishika, mafaili yapo. Nyaraka nilizoandaa zilipita forodhani bila kurudishwa kwa maswali ya thamani au aina ya bidhaa: leo mitumba, kesho vipuri, meli tofauti, maofisa tofauti. Bahati gani hiyo ya kumfuata mtu meli hadi meli?

"Bosi alinionea huruma." Hayo yamo kichwani mwa bosi, kwa hiyo nilimwendea yeye. Akajibu kwamba makarani wakikwama walikuwa wakija mezani kwangu kabla ya kwenda kwake. Nikaliandika jibu lake kama alivyolisema.

"Kikaoni wote wananiona mjinga." Hapa sikupata pa kuhakikishia. Nilichokuwa nacho ni moyo kunidunda, na moyo kudunda unaonyesha kwamba nina hofu. Haumwambii mtu kama faili ni sahihi.

Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza hali hii mwaka 1978, walipoandika juu ya wanawake waliofaulu sana lakini wakaamini wamewahadaa watu. Mtego wake ni huu: kwa hofu unajiandaa kupita kiasi, kazi inafana, halafu unasema ni yale makesha, si uwezo. Basi kila ufanisi unakosa kuhesabiwa. Dawa niliyoiona ni kumweka mwenzangu mahali pangu: yeye angetoa faili lilelile, ningemwita mwenye bahati? Nisingethubutu.

Lakini tusijidanganye upande wa pili. Mafaili yale yanathibitisha kazi ya zamani. Hayasemi lolote kuhusu kutengeneza bajeti, wala kumwambia mzee aliyenizidi umri, baada ya shikamoo, kwamba kazi yake imechelewa na mteja atalipia kontena kukaa bandarini. Mambo hayo niliyaandika kando, chini ya "sijafundishwa," na kila moja nikalitafutia mtu wa kuniongoza na kipimo kinachoonekana. Bajeti ikaenda kwa mhasibu. Kwa ucheleweshaji, kipimo ni kontena ngapi zimetoka kabla siku za kukaa bandarini bure hazijaisha, mwezi huu dhidi ya uliopita.

Hesabu ikiwa mbaya, nakaa na karani husika tuone faili lilikwama wapi. Ikiwa nzuri na bado tumbo linanisokota, naliacha lisokote, nafungua faili linalofuata.