Wageni, kilo za samaki na msimu

"Kwenye jedwali langu la Lamu, wiki zenye wageni wengi samaki pia wanaletwa wengi. CORREL imetoa 0.9. Si ndiyo wageni wanawapa wavuvi moyo wa kwenda baharini?"

Hapana, ni msimu. Wakati wa upepo wa kaskazi bahari imetulia: mashua zinatoka, na ndio wakati wageni wanakuja. Ikifika kusi mawimbi yanapanda, wavuvi wengi wanabaki ndani ya mwamba, na wageni wanapungua. Upepo mmoja unasukuma safu zote mbili.

Ongeza safu ya tatu, andika kusi au kaskazi kwa kila wiki, panga kwa hiyo, halafu piga hesabu kila kundi peke yake, B ikiwa wageni na C kilo, ukibadili namba za mistari kulingana na kundi:

```
=CORREL(B2:B21,C2:C21)
```

Chukulia wiki mbili za kusi: wageni 4, kilo 32, wageni 8, kilo 30. Za kaskazi: wageni 20, kilo 90, wageni 26, kilo 88. Ukizichanganya, mstari unapanda sana. Ndani ya kila msimu, wageni wameongezeka na kilo hazikupanda.

Kuongeza data kunasaidia nusu tu: namba itatulia, lakini hata miaka 10 ya wiki zilizochanganywa itakupa karibu 0.9 ile ile. Na kama unataka kuangalia Ramadhani pia, hiyo ni safu nyingine, maana Ramadhani huhama misimu.

Uwiano ukibaki ndani ya msimu mmoja, hapo angalia bei: huenda hoteli zinanunua zaidi kweli. Wiki za matlai, upepo unapogeuka kati ya kusi na kaskazi, ziweke kando, haziko huku wala huku.