Pesa inasoma "Pending" na kitufe cha kuirudisha kipo

"Niko Ujiji. Juzi niliomba kutoa 180,000 kasino ya mtandaoni, bado inasoma Pending. Nifanyeje?"

Pole ndugu. Pending maana yake hawajaituma. Bado iko mikononi mwao. Mara nyingi wanasubiri kuhakiki kitambulisho, au jina la akaunti halifanani na la laini yako ya simu. Watumie picha ya NIDA leo. Lakini wengine huchelewesha tu, na hapo ndipo kuna mtego: kitufe cha Cancel withdrawal, kinachorudisha pesa kwenye akaunti yako ya kuchezea. Kutoa huchukua siku, kurudisha ni sekunde moja. Uingereza walikipiga marufuku 2021.

Mimi kilinikuta nikisubiri boti Kibirizi. Nilikuwa nimeomba 90,000. Nikarudisha 10,000 "ya kupotezea muda", ikaliwa, nikarudisha 20,000 kuikomboa ile, hivyo hivyo mpaka zote zikaisha. Boti inafika, sina hata nauli.

Waandikie huduma kwa wateja waifunge isirudishike, baadhi hukubali. Kisha toka kwenye akaunti, futa programu, zima meseji zao. Ujumbe wa muamala utakuja kwenye simu wenyewe, huna haja ya kuingia kuchungulia. Wakikwambia uweke pesa kwanza ndipo watoe, hao matapeli, usitume hata mia.